Asilimia nne ya kipi?

*Kikundi: Familia ya Tabata*

Shangazi Zuhura, 19:42
Wanangu, mtu akistaafu na milioni 120, achukue kiasi gani zisimwishie? Nimesikia watu wanasema asilimia nne. Nimepiga hesabu, 4,800,000 kwa mwezi. Mbona nyingi hivyo?

Baraka, 19:47
Shikamoo shangazi. Hiyo ni ya mwaka mzima. Igawe kwa 12, inabaki laki nne kwa mwezi. Ukichota asilimia nne kila mwezi, na hela yenyewe haizai, mwaka ukiisha milioni 46 na ushee zimeshaondoka.

Shangazi Zuhura, 19:49
Marahaba. Laki nne!! Hapo luku, dawa, na wajukuu hawajafika.

Mjomba Hamisi, 19:53
Msimtishe mwenzenu. Anunue hatifungani za serikali za miaka 25, riba haikatwi kodi. Tuseme 12%: milioni 14.4 kwa mwaka, yaani milioni moja na laki mbili kwa mwezi, na mtaji haujaguswa. Nne ya nini?

Baraka, 20:04
Mjomba, kuhusu kodi uko sawa. Mtaji haupungui kwa kuhesabu noti, ila unapungua sokoni. Bei zikipanda 4% kwa mwaka, baada ya miaka 18 hiyo milioni moja na laki mbili itanunua vya laki sita vya leo, na riba ya hatifungani haipandi. Kwa hiyo katika ile 12, nne zirudishwe kununua nyingine, aendelee kula nane. Hiyo ni laki nane kwa mwezi.

Mjomba Hamisi, 20:06
Nane si bado ni mara mbili ya nne yenu?

Baraka, 20:11
Ni kweli, lakini inategemea mambo mawili: mfumuko ubaki mdogo, na utakaponunua nyingine ukute riba ni ileile. Mwishoni mwa 2011 mfumuko wetu ulikaribia 20%. Na hatifungani za miaka 25 zilikuwa 15.95% mpaka 2022 zikashushwa hadi 12.56%. Aliyekwisha kununua hakuguswa, ila riba aliyokuwa anairudisha ilikuta bei mpya.

Neema, 20:15
Hiyo nne yenyewe imetoka wapi? Na ni asilimia nne ya salio la leo au ya siku ya kustaafu? Naona mnachanganya.

Baraka, 20:28
Swali zuri, wengi hukosea hapo. Mmarekani Bengen aliandika mwaka 1994. Alitumia hisa na hatifungani za kwao na kuangalia kama hela ingedumu miaka 30. Kanuni yake: mwaka wa kwanza chukua 4%, baada ya hapo usitazame salio tena, ongeza tu mfumuko juu ya kile ulichochukua mwaka jana. Njia ya pili ni kuchukua 4% ya salio lililopo kila mwaka.

Chukua milioni 120 zilizo kwenye hisa na hatifungani. Mwaka wa kwanza njia zote zinatoa 4.8, zinabaki 115.2. Soko likianguka 20%, zinabaki 92.16.
Bengen: 4.8 ukiongeza 4% ni 4.992. Laki nne na elfu 16 kwa mwezi, lakini sasa ni 5.4% ya kilichobaki.
Salio: 4% ya 92.16 ni 3.69. Laki tatu na elfu saba kwa mwezi.

Neema, 20:31
Kwa hiyo ya pili haiishi kamwe, ila njaa inaingia mapema.

Baraka, 20:36
Ndivyo. Haifiki sifuri, ila inaweza kushuka hadi isitoshe kitu. Ya Bengen inalinda mfuko wa mwezi, hatari yake ni miaka mibaya ikija mwanzoni: unauza vipande vingi bei ikiwa chini, na soko likirudi vipande havipo tena.

Shangazi Zuhura, 20:40
Mimi niseme nini sasa? Hela zangu ziko kwenye vipande vya Mfuko wa Umoja wa UTT.

Baraka, 20:49
Chagua tarehe moja, labda tarehe 1 Julai. Siku hiyo tazama salio, zidisha kwa asilimia yako, kiasi cha mwaka kihamie Mfuko wa Ukwasi, wa hukohuko UTT, ambao bei yake haiyumbi, kila mwezi utoe sehemu yake. Hivyo bei ya Umoja ikishuka katikati ya mwaka hulazimiki kuuza. Mimi ningeanza na tano ya salio, nikikubali kupungukiwa mwaka mbaya.

Mjomba Hamisi, 20:51
Tano kwa mtu wa miaka 60 ni uoga. Ningesema saba.

Neema, 20:53
Mjomba, bibi alifika 94.

Baraka, 20:58
Kinachoharibu sana ni kuchota pembeni. Ukichukua tano, halafu uone kiasi cha mwaka kimeshuka wakati bei ya kipande imepanda zaidi ya 6%, ujue ulichota nje ya tarehe.

Shangazi Zuhura, 21:02
Na mchango wa sendofu ya Rehema utoke wapi?

Mjomba Hamisi, 21:03
Kwenye hiyo hiyo laki tano ya mwezi, dada.

Shangazi Zuhura, 21:04
Basi mwambieni Rehema asubiri Julai 😂