Simu inasema imejaa, mimi naona GB 9 ziko wazi! Nani ananidanganya hapa?

Mama Vitenge (mwanzisha uzi)

Wakuu, nimechoka na nimekasirika. Wiki ya pili sasa simu yangu inanitolea ujumbe uleule: "Nafasi ya kuhifadhi inakaribia kujaa". Nikiufuta unarudi kabla chai haijapoa. Leo nipo sokoni Mwanza, mteja kanitumia hela benki, nataka niweke programu ya benki nihakikishe imeingia. Programu yenyewe ni MB 90 tu! Inashuka mpaka mwisho, bando langu linaliwa, halafu inaniambia nafasi haitoshi. Nimejaribu mara nne. Mara nne, jamani, bando la nani hilo?

Sasa sikilizeni kinachoniuma. Nikifungua ile programu ya mafaili iliyokuja na simu, juu kabisa imeandika nafasi iliyobaki ni GB 9.4. Jana usiku nimefuta picha 340, zikiwemo za kipaimara cha mwanangu, roho inauma, na nafasi haikuongezeka hata chembe. Aliyeniuzia simu nimempigia, ananijibu "hiyo ndiyo hali ya simu, mama, ongeza hela uchukue kubwa". Simu ni ya GB 32, nina memori kadi ya GB 16. GB 9 zinashindwaje kubeba MB 90?

Kijana wa Kona

Pole dada. Hiyo ni RAM ndogo. Funga programu zote zinazojiendesha nyuma, itakubali.

Fundi Mstaafu

Kijana, RAM haihusiki kabisa. RAM ikiwa ndogo simu inakwama na kuwa nzito, haisemi hifadhi imejaa.

Dada, achana na hiyo programu ya mafaili kwanza. Ingia Mipangilio, halafu Hifadhi, uniandikie inavyosema kuhusu hifadhi ya ndani peke yake. Kadi usiihesabu.

Mama Vitenge

Imetumika GB 31.6 kati ya 32. Kumbe!

Fundi Mstaafu

Basi mwizi wako ndiye huyo. Ndani umebakiwa na GB 0.4, kwenye kadi kuna GB 9, na ile programu imejumlisha vyote kama vile ni chungu kimoja. Programu ya benki haiendi kwenye kadi, inataka ndani.

Na hata hizo 0.4 usizione kama ni zako. Android kwa kawaida hujiwekea akiba ya asilimia 5 ya hifadhi au MB 500, ile iliyo ndogo. Ukishuka chini ya hapo ndipo ule ujumbe unaanza kukusumbua, na usakinishaji unakataliwa. Tena MB 90 ni uzito wa kifurushi kinaposhuka. Kinapofunguliwa kinatanuka, na simu inahitaji nafasi ya kukishika chote wakati inakifungua. Ndiyo maana kinashuka hadi mwisho ndipo kinagoma.

Bwana Mawingu

Hata mimi naibiwa! Nimelipia GB 100 za mtandaoni kwenye akaunti yangu ya Gmail na simu bado inalia imejaa. Hizi kampuni hazina haya.

Fundi Mstaafu

Bwana Mawingu, hayo ni maghala mawili. Ulizolipia ni za barua pepe, picha na mafaili yanayokaa mtandaoni, kule ambako bure unapewa GB 15. Simu haikuongezewa hata kilobaiti. Zitakusaidia pale tu utakapopandisha picha kule, ukahakiki zimefika, kisha ukaziondoa kwenye simu.

Dada wa Magomeni

Mama Vitenge, hamishia programu kwenye kadi. Mimi ndivyo nilivyofanya, ikatulia.

Fundi Mstaafu

Ni kweli kwa baadhi ya programu na baadhi ya simu, dada. Nyingi haziruhusu, za benki ndiyo kabisa, na hata inayoruhusu huacha kipande chake ndani. Cha kuhamishia kwenye kadi ni picha na video.

Mama, zile picha 340 bado zipo. Zimeingia kwenye Tupio. Zinakaa humo siku 30, au 60 kama zilikuwa zimepandishwa mtandaoni, na muda wote huo zinakalia nafasi yako. Fungua programu ya picha, tafuta Tupio. Za kipaimara zirudishe uzihamishie kwenye kadi, zilizobaki futa moja kwa moja.

Mama Vitenge

Mungu akubariki kaka! Za kipaimara nimezipata ZOTE. Sasa ndani kumebaki GB 1.1 na programu ya benki imeingia. Hela ya mteja nimeiona. Ila hasira kwa muuzaji iko palepale.

Mpiga Debe

Mimi nina GB 20 ndani, siyo kwenye kadi, na programu aliyonirushia rafiki inasema "Programu haijasakinishwa". Nifute picha na mimi?

Fundi Mstaafu

Usifute kitu. Yako haijasema nafasi. Inawezekana toleo lingine la programu hiyohiyo lipo kwenye simu na sahihi zao, yaani mihuri ya watengenezaji wake, hazilingani, au Android yako ni ya zamani kuliko inavyotakiwa. Kama una kompyuta yenye adb, ile zana ya kuiamuru simu kupitia waya, iulize hivi:

```
adb install programu.apk
```

Ikijibu `INSTALL_FAILED_INSUFFICIENT_STORAGE` ni nafasi. Ikijibu `INSTALL_FAILED_UPDATE_INCOMPATIBLE` ni mgongano wa sahihi. Lakini kwa nini usiichukue Play Store?

Mpiga Debe

Play Store wanasema haipatikani kwa simu yangu.

Fundi Mstaafu

Basi umeshajijibu.

Mama Vitenge

Wakuu, siku ya tatu leo, ujumbe UMERUDI. Sijapiga picha hata moja!

Fundi Mstaafu

Upo kwenye makundi mangapi ya WhatsApp?

Mama Vitenge

Kumi na saba. Ukoo, kikoba, kwaya, wazazi wa shule...

Fundi Mstaafu

Zima upakuaji wa video unaojiendesha. Kisha nenda hapa:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases
```

Kuna nakala za mazungumzo yako za siku zilizopita. Zenye tarehe kwenye jina futa, ile `msgstore.db` isiyo na tarehe USIIGUSE. Na usije ukabonyeza "Futa data" ya WhatsApp ukidhani ni sawa na "Futa akiba". Akiba hujirudia yenyewe, data ni mazungumzo yako.

Mama Vitenge

Nimekuta sita zenye tarehe, kila moja MB 310! Nimezifuta, nimepata karibu GB 1.9. Sasa nauliza, kuna kitu kimeandikwa "Mfumo", GB 11. Hicho nacho nafutaje?

Fundi Mstaafu

Hicho hakifutiki, ndiyo Android yenyewe na programu za kiwandani.

Mama Vitenge

Kwa hiyo nilinunua GB 32 nikapewa 21? Na kwenye boksi hawakuandika?

Dada wa Magomeni

Mimi yangu Mfumo unakula 14, na simu ni ileile ya 32. Hiyo tofauti inatoka wapi?

Kijana wa Kona

Apdeti hizo. Au virusi.

Fundi Mstaafu

Virusi hapana. Apdeti labda. Dada wa Magomeni, tuwekee picha ya skrini tuone.