Mchoro wa mzunguko wa kaboni: tarakimu mbili za angahewa, niamini ipi?

Kijana_wa_Gongoni
Salaam wakuu. Nasoma diploma ya mazingira hapa Malindi na mtihani uko karibu. Swali linalopenda kurudi ni hili: chora mchoro wenye majina unaoonyesha hifadhi za kaboni na mitiririko kati yake, maksi 8. Nina michoro miwili mezani. Mmoja unasema angahewa ina gigatani 870, mwingine unasema karibu 3,200. Mishale nayo haifanani: kwenye kuchoma mafuta na makaa ya mawe huyu ana 10, yule ana 37. Nikariri upi?

RangiZaPwani
Kwanza nunua penseli ya 2B, ya HB haitoi kivuli kizuri. Mawingu yapake kwa pamba. Mimi huchorea watalii jahazi pale Shela na hununuliwa.

Kijana_wa_Gongoni
Kaka, hapa hakuna maksi za kivuli 😂

BiMkubwa_Langoni
Mwanangu, michoro yote miwili iko sawa. Mmoja umepima kaboni peke yake, mwingine umepima kaboni dioksidi nzima pamoja na oksijeni yake. Atomu ya kaboni ina uzito wa 12, molekuli nzima ina 44. Chukua 870, zidisha kwa 44, gawanya kwa 12: utapata 3,190. Fanya vivyo hivyo kwa 10, utaona 37 inatoka wapi. Chagua kipimo kimoja, andika juu ya mchoro "Gt za kaboni", usikiache mpaka mwisho. Nimesahihisha karatasi za aina hii miaka mingi. Mwanafunzi huchukua 870 huku na 37 kule, na mchoro mzima unakuwa uongo hata kama umenyooka kwa rula.

Nahodha_Mstaafu
Mimi naongeza: bahari ndiyo yenye kaboni nyingi, kama 38,000 hivi, kwa hiyo mshale wake uwe mnene kuliko yote. Na uwe mmoja tu, kutoka hewani kuingia baharini, maana bahari inafyonza.

BiMkubwa_Langoni
Nahodha, hiyo 38,000 ni sahihi, lakini ukubwa wa hifadhi hauamui unene wa mshale. Miamba inaishinda bahari mbali sana, na bado volkano zote duniani hazitoi hata Gt 1 kwa mwaka. Ndiyo maana kisanduku huandikwa Gt, na mshale huandikwa Gt kwa mwaka. Bahari nayo inatoa na kupokea. Ukichora mshale mmoja umeficha kazi yake kubwa.

Kijana, chora hivi. Angahewa iwe ukanda mrefu juu ya ukurasa. Chini kushoto weka mimea, na udongo chini yake, kulia bahari, chini kabisa miamba na fueli za kisukuku. Ndani ya visanduku weka mahali tu. Usanisinuru si mahali, ni tendo, basi jina lake hukaa kando ya mshale, na kichwa cha mshale kiguse kisanduku kinachopokea.

Kisha jikague kwa angahewa, kwa tarakimu za kukadiria. Vinavyoingia kwa mwaka: upumuaji na uozaji 120, bahari 80, fueli 10, ukataji misitu 1. Jumla 211. Vinavyotoka: usanisinuru 123, bahari 83. Jumla 206. Inabaki 5, na hiyo ndiyo nyongeza ya hewani kila mwaka. Ukipata 90, au ukipata hasi, kuna mshale uliogeuza kichwa au uliousahau.

Mama_Mikoko
Sisi huku Lamu tuna zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya na hakuna mchoro unaoitaja. Kikundi chetu kinapanda miche. Aiweke wapi?

BiMkubwa_Langoni
Dada, mashina yaende kwenye mimea. Lakini sehemu kubwa ya kaboni ya mikoko iko kwenye tope, kwa sababu tope halina oksijeni na majani huoza polepole mno. Hiyo ningeiweka kwenye udongo.

Nahodha_Mstaafu
Tope linalofunikwa na maji kila bamvua ni udongo wa nani? Mimi ningeliweka bahari.

Mama_Mikoko
Nami naona hivyo, Bi Mkubwa. Maji kupwa na kujaa, majani yetu mengine huishia mkondoni.

BiMkubwa_Langoni
Hata wataalamu hugawana hapo. Swali likiwa la dunia nzima, asiitaje. Likitaja pwani, aipe kisanduku chake katikati, na mshale wa kwenda kila upande.

Kijana_wa_Gongoni
Ahsante Bi Mkubwa. Swali moja tu: swali lisipodai tarakimu, niziandike?

BiMkubwa_Langoni
Mimi ningeandika za angahewa, bahari na fueli tu.

Kijana_wa_Gongoni
Mhadhiri wetu anasema tarakimu isiyoombwa ikikosewa inakata maksi.

RangiZaPwani
Basi ziandike kwa penseli.