Jiwe la piza, trei iliyogeuzwa au bamba la chuma: kipi kinafaa oveni ya nyumbani inayoishia 250?

Mama_Ilham (Dar es Salaam)
Wakuu, salaam. Jiko langu ni la sentimita 60, juu gesi, oveni ya umeme, na namba ya mwisho ni 250. Kila nikioka piza shida ni ile ile: pembeni inakuwa ngumu kama biskuti, chizi imeshapata rangi, lakini nikiinua kipande katikati kinalegea na chini ni cheupe. Naoka kwenye trei ya kawaida, dakika 15 hivi.

Nimeambiwa nibadilishe kitu kinachokaa chini ya piza. Kuna wanaosema jiwe la piza, wengine wanasema nigeuze tu trei niliyonayo niipashe moto kwanza, na jirani anasema bamba la chuma la kukatiwa na fundi. Aliyejaribu zaidi ya kimoja anieleze tofauti, na kila kimoja kipashwe muda gani.

Seif_wa_Gerezani
Dada, usipoteze muda, chukua chuma. Mimi nilikatiwa bamba la milimita 6, sentimita 35 kwa 35, linakaribia kilo 6. Nalisugua kwa siki kutoa ule weusi wa kiwandani, nalipaka mafuta kama chuma kipya cha chapati, nalichoma hadi lisinate. Piza inaiva dakika 6. Unawasha oveni 250, taa ya joto ikizima unaweka piza. Basi. Ila mwambie fundi asikupe bati la zinki, taka chuma kitupu.

mkanda_unga (Zanzibar)
Seif, kuhusu chuma nakubaliana nawe zaidi ya nusu. Kuhusu taa sikubaliani kabisa, na nadhani hapo ndipo wengi tunapokwama.

Ile taa inasoma joto la hewa ya ndani ya oveni. Hewa inapata moto haraka, dakika 12 au 15 tu. Jiwe lenye unene wa sentimita moja na nusu linachukua joto polepole, kwa hiyo taa inazima wakati jiwe bado liko nyuma sana. Ukiweka piza wakati huo, unga unakutana na jiwe la uvuguvugu, maji ya sosi yanashuka chini badala ya kukauka, na ndiyo hiyo hali ya Mama_Ilham. Jiwe lipe dakika 45 hadi 60 tangu unapowasha oveni. Chuma kipe angalau dakika 40. Trei nyembamba iliyogeuzwa inatosheka na dakika 15 hadi 20. Ukiiacha saa nzima hutapata cha ziada, kwa sababu haina unene wa kubeba joto.

Nimefanya kazi jikoni hotelini miaka minne, tukitumia oveni ya kuni. Oveni za namna ile, kama za Napoli, hufika nyuzi 430 na zaidi, na piza inatoka ndani ya sekunde 60 hadi 90. Nyumbani tuna 250. Hatuwezi kupata joto lile, kwa hiyo tunachofanya ni kuweka chini ya unga kitu kilichokwisha kunywa joto la kutosha, kilimimine lote kwenye unga ndani ya zile dakika mbili za mwanzo. Chuma kinalimimina kwa kasi kuliko jiwe. Trei ya alumini nayo inapitisha joto haraka, lakini haina akiba, inapoa mara tu unga baridi unapoigusa.

Kasi hiyo ya chuma ina upande wa pili. Seif, hebu tuambie ukweli: juu ya piza yako inakuwaje baada ya hizo dakika 6?

Seif_wa_Gerezani
Mkuu, umenigusa. Chini inatoka na madoa mazuri ya kahawia, juu chizi imeyeyuka tu, haina rangi. Mara mbili chini imeungua kabisa kabla ya juu. Nilidhani ni mozarela yangu.

mkanda_unga
Siyo mozarela. Chuma chini kimekwenda mbio kuliko joto la juu. Kipandishe bamba rafu ya pili kutoka juu, liwe sentimita 15 hivi chini ya koili ya juu. Lipashe kwa 250, halafu washa grili dakika 5 kabla ya kuingiza piza na uiache ikiwaka. Chini na juu vitakaribiana. Na punguza sukari kwenye unga: kwenye trei sukari inasaidia kuleta rangi, kwenye chuma inaharakisha kuungua.

jikoni_kwa_Mwende (Nairobi)
Naomba niulize, maana yangu ni oveni ya gesi, moto uko chini peke yake, na ile grili ya juu haiwezi kuwaka pamoja na moto wa chini. Nilinunua jiwe, nikaliweka rafu ya chini kabisa kwa sababu niliona ndiko kwenye moto. Chini iliungua dakika ya 5, juu mbichi. Jiwe lenyewe lilipasuka mwezi wa pili, lilipasuka katikati usiku, nikadhani kuna kitu kimelipuka.

mkanda_unga
Pole dada Mwende. Uliliosha kabla ya kulitumia siku ile?

jikoni_kwa_Mwende
Ndiyo, kwa maji na sabuni, asubuhi yake.

mkanda_unga
Hapo ndipo ninapopashuku. Jiwe la piza lina vitundu vidogo, linanywa maji. Likiingia kwenye moto mkali na unyevu ndani, yale maji yanataka kutoka kama mvuke na jiwe linapasuka. Likwangue tu kwa kisu cha bapa na ulifute kwa kitambaa kikavu; madoa meusi hayana madhara. Liingize oveni ikiwa ya baridi, lipande joto pamoja na oveni, na liache lipoe humo humo.

Kwa oveni yako ya gesi ningeweka jiwe rafu ya juu, siyo ya chini. Joto la gesi linapanda, dari la oveni linakuwa na moto kuliko unavyodhani. Lakini sikuahidi rangi ya juu kama ya umeme. Kama kuna mwenye oveni ya gesi aliyefanikiwa, aje aseme.

Babu_Makaa
Mbona mnahangaika? Mawe yapo mtoni bure. Mimi naoka keki na mikate kwa sufuria, mkaa chini kidogo, mkaa juu ya mfuniko mwingi. Chukueni mawe bapa ya mto muweke chini ya piza.

mkanda_unga
Shikamoo babu. Ile ya mkaa mwingi juu ni sahihi, na ndiyo hoja yetu hapa: piza inataka moto wa juu. Ila mawe ya mto tusiyaingize kwenye oveni. Yanakuwa na maji ndani yasiyoonekana, na yanaweza kupasuka na kurusha vipande usoni mwa mtu.

Mama_Ilham
Nimerudi, wakuu. Niliazima jiwe kwa dada yangu, na fundi friji wa mtaani akaniazima kile kipimajoto cha kulenga kama bastola. Nimeoka Ijumaa na Jumamosi, kinyunga kile kile: unga wa ngano gramu 500, maji gramu 320, chumvi 10, hamira ya punje gramu 2, kijiko cha chai cha sukari, kijiko kikubwa cha mafuta. Nililaza kwenye friji siku moja, nikagawa madonge matatu, kila moja nikatandaza sentimita 28.

Ijumaa nilifanya kama Seif, taa ilipozima dakika ya 20 niliweka piza. Nilipolenga jiwe lilisoma 165. Piza ilichukua dakika 11 na chini ilikuwa ya rangi ya maziwa. Donge la pili nikaoka kwenye trei iliyogeuzwa, niliyoipasha dakika 20: dakika 12, na kwa kweli ilikuwa nzuri kuliko ile ya jiwe la vuguvugu.

Jumamosi nilisubiri. Dakika ya 40 jiwe lilisoma 220, dakika ya 60 likafika 248. Nikanyunyiza suji kwenye kibao, piza ikateleza bila kunata. Dakika 8. Chini kahawia, ukishika kipande kinasimama chenyewe. Nimefurahi sana, mume wangu alidhani nimeagiza.

Swali langu la mwisho ni umeme. Saa nzima ya kupasha kwa piza moja?

Seif_wa_Gerezani
Mimi naomba radhi kwa ile ya taa. Nimepasha bamba dakika 45 na grili mwishoni: dakika 5 na nusu, juu na chini sawa.

mkanda_unga
Safi sana. Kuhusu umeme, oveni nyingi za nyumbani zinakula kama wati 2000. Hata isingezima kabisa, saa moja ni yuniti 2. Na kwa kuwa inawaka na kuzima ikishafika joto, huwa chini ya hapo. Kwa piza moja siioni kama ina maana, trei iliyogeuzwa inatosha, weka sosi kidogo na uikamue mozarela maji kwa taulo. Kwa piza tatu au nne jiwe linalipa. Ila baada ya kila piza funga mlango usubiri dakika 8 au 10 jiwe lirudi kwenye moto wake, vinginevyo ya pili itatoka kama ile yako ya Ijumaa. Chuma kinarudi upesi zaidi.

Mama_Ilham
Na karatasi ya kuokea? Kibao kinanitia hofu, ile ya trei ilininatia nikaikunja.

mkanda_unga
Karatasi nyingi zimeandikwa kiwango chini ya 250, soma pakiti. Mimi sipendi kuitumia kwenye joto hilo. Ukishindwa kabisa, ikate ifuate duara la piza isibaki pembeni, kisha ivute dakika ya pili unga ukishashika. Lakini suji ni bora, na usiiache piza iliyopakwa sosi ikae kwenye kibao zaidi ya dakika moja. Itikise kibao kabla ya kwenda kwenye oveni. Isipoteleza hapo, haitateleza kwenye jiwe.

jikoni_kwa_Mwende
Nimesogeza trei iliyogeuzwa rafu ya juu, jiwe sina tena. Chini imekuwa nzuri, dakika 13. Juu bado ni nyeupe. Nikishaitoa naipeleka chini ya grili dakika 2, lakini pembeni inakauka. Nasubiri mwenye oveni ya gesi.