Mteja kanikata kodi ya zuio 5% mwaka mzima, hakuipeleka, sasa nadaiwa mimi!

fundi_nyaya:
Wakuu leo hata chai haijashuka. Nina kikampuni kidogo cha kufunga kamera na nyaya za mtandao, 2024 nilifanya kazi ya ufundi tu kwa mteja mmoja, vifaa alinunua mwenyewe. Invoisi nne, kila moja 12,000,000, kila akilipa anakata 5% yaani 600,000 naingiziwa 11,400,000, mi nimekaa kimya najua hela yangu ya kodi iko salama. Kumbe wapi! Cheti nilichopewa ni kimoja tu, cha Machi. Juni, Septemba na Novemba hakuna kitu. Nikipiga simu mhasibu wake ananiambia "tunashughulikia", wameshughulikia mpaka mwaka umeisha.

Faida yangu ilikuwa 10,000,000, kodi 30% ni 3,000,000. Kwa awamu nilishalipa 600,000, ukijumlisha na zuio 2,400,000 nilitakiwa niwe sifuri. Sasa TRA wameniletea makadirio, wamekubali cheti cha Machi tu, 1,800,000 wanasema nilipe na riba juu. Nilipe mara mbili kwani mimi ndo niliyekaa na hela?? Bila cheti naidaije hii kitu?

kijana_wa_posta:
Usilipe hata mia mkuu. Sheria iko wazi, aliyekata ndo mdaiwa, wamfuate yeye. Hiyo barua weka kabatini.

mzee_wa_ledja:
Kijana nusu uko sawa, nusu unamzamisha mwenzio. Kweli mteja anadaiwa, alitakiwa apeleke ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Na Sheria ya Kodi ya Mapato inamhesabu aliyekatwa kama keshalipa kile alichokatwa. Ila makadirio ukiyaweka kabatini siku 30 zikapita bila pingamizi, deni linakuwa lako na hoja nzuri unabaki nayo nyumbani.

Fundi, kwanza jua hela imefia wapi. Inawezekana hakupeleka kabisa, au alipeleka akakosea TIN yako, au alilipa ila cheti hakukitoa. Hizo mbili za mwisho zinarekebishika, ndo maana mwombe risiti za malipo zenye kontroo namba za miezi hiyo mitatu, kwa barua, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Simu hazikusaidii.

Pili, swali muhimu: risiti za EFD ulikata za 12,000,000 au 11,400,000? Na kwenye ritani mapato uliandika ngapi?

fundi_nyaya:
EFD 12,000,000 zote. Ritani 48,000,000 kamili.

mzee_wa_ledja:
Hapo umejiokoa. Wengi wanaandika kilichoingia benki halafu wanadai na zuio, afisa anawacheka. Sasa kilichobaki ni kuthibitisha kwamba ile 600,000 ilikuwa zuio na sio punguzo ulilompa mteja, wala deni ambalo hajamalizia. Taarifa ya benki inaonyesha pengo tu, haisemi pengo la nini. Kinachosema ni vocha ya malipo yenye mstari wa makato ya 5%, au ile barua pepe wanayotuma na malipo. Unazo?

fundi_nyaya:
Juni na Septemba ninazo. Novemba walilipa kimya kimya.

mama_stesheni:
Samahani naomba kuuliza hapo hapo, mimi nauza steshenari kwa halmashauri wananikata 2%, vyeti napata lakini mbona nyinyi 5%?

mzee_wa_ledja:
Mama, biashara yako ni bidhaa kwa serikali, ya fundi ni huduma. Wewe una vyeti, huna shida, vitunze tu.

Fundi, andika pingamizi, ambatisha mkataba, invoisi, EFD, benki na hizo vocha, weka TIN ya mteja na uombe wakague akaunti yake. Kupokelewa kunataka ulipe theluthi ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichobishia, kile kikubwa. Kuna nafasi ya kuomba usamehewe hiyo amana, iombe kwa maandishi na sababu, ila kukubaliwa sio lazima.

kijana_wa_posta:
Kwa hiyo analipa tu mwisho wa siku 😂

fundi_nyaya:
Mrejesho. Leo nimeenda kwao na barua, sikuondoka mpaka mhuri umegongwa. Mhasibu kajikuta anafungua mafaili mbele yangu, Juni kumbe walilipa ila TIN imekosewa tarakimu moja!! Wameahidi kuandika barua ya kusahihisha. Septemba hawakupeleka, kakiri kwa mdomo, kuandika kagoma. Novemba anasema "mbona hatukukukata, tulikubaliana bei ipungue." Nimebaki mdomo wazi. Nina siku 11 za pingamizi.

mzee_wa_ledja:
Aliyosema Novemba ndo nilikuwa naogopa. Ile ya Novemba, invoisi yako walisaini mahali? Tafuta nakala yenye saini yao kwenye 12,000,000 kabla hujaandika chochote.