Tupeane uzoefu: nani alikuita bahili, nani akakuita mwangalifu?

Binti Mchele
Wakuu, salaam. Mweka hazina wa kikoba chetu ni mama wa makamo. Juzi mwanachama kaomba laki mbili za dharura kutoka mfuko wa jamii. Mama kafungua katiba ya kikundi, kasoma kwa sauti: barua ya maombi, wadhamini wawili, kisha kamati ikae. Barua hakuna, kisanduku hakikufunguliwa. Na hata angetaka, funguo ziko tatu, kila moja kwa mtu wake. Mwombaji katoka analalama, "Bahili wa hela zisizo zake!" Jirani yangu kaninong'oneza, "Afadhali huyu, ana msimamo." Kitendo kimoja hicho hicho. Leteni visa vyenu: sifa gani uliyopewa ikageuzwa upande wa pili, na aliyeigeuza alikuwa anataka nini?

Dere wa Mbagala
Hapo ni pesa tu. Tajiri akibana matumizi ni mwangalifu, maskini akibana ni bahili. Uzi ufungwe.

Kibatari
Dere, umegeuza. Asiye nacho haitwi bahili, husemwa hana. Ubahili tunamvika yule tunayeamini anazo.
Mimi nimelelewa na wanaume wawili waliobana. Baba alikuwa anazima taa ukitoka chumbani hata kwa dakika moja, na viatu vyake vilishonwa mpaka fundi akachoka. Ila ada ililipwa kabla shule haijafunguliwa. Baba mdogo naye alibana vile vile, lakini watoto wake walirudishwa nyumbani kwa ada huku akinunua ng'ombe wa tatu. Mtaani wote wawili waliitwa mkono wa birika. Ukiwatazama kwa mbali hutawatofautisha. Subiri siku ya shida, utaona nani alikuwa anaweka na nani alikuwa anaficha.
Halafu tusichanganye bahili na mchoyo. Baba alijibana mwenyewe, ila mgeni akija kuku anachinjwa. Mchoyo anakula vizuri, kwa kujifungia.

Mama Pacha
Jamani na mimi nisaidieni. Mume wangu anapima mafuta ya kupikia kwa kijiko, anaweka alama kwenye chupa kwa kalamu. Nifanyeje?

Dere wa Mbagala
Mama, hapa tunajadili maneno, siyo ndoa 😂

Kibatari
Mwache, yumo humo humo. Dada, na matumizi yake mwenyewe anayapima, au ni ya jikoni tu?

Ticha Mstaafu
Kuna mzaha maarufu wa mwanafalsafa Bertrand Russell, aliousema kwenye redio ya BBC mwaka 1948. Kwa lugha yetu ni kama hivi: mimi nina msimamo, wewe ni mkaidi, yule kichwa ngumu. Kadiri mtu anavyokaa mbali nawe, ndivyo neno linavyozidi ukali.
Sisi tuna njia nyingine, tunasubiri matokeo. Kijana aking'ang'ania biashara ikamtoa, tunasema mvumilivu hula mbivu. Ikifa, sikio la kufa halisikii dawa. Kijana ni yule yule na alifanya yale yale.
Kwenye ripoti za wanafunzi niliacha kuandika "mbishi". Niliandika alichofanya: "Hakubali jibu la hesabu mpaka aonyeshwe njia." Mzazi mmoja akafurahi, mwingine akamchapa mtoto. Hapo sina dawa.

Dere wa Mbagala
Ticha, kuna mbishi wa kweli lakini. Kondakta wangu anaonyeshwa njia na bado anabisha.

Ticha Mstaafu
Hilo sikatai. Mwenye msimamo ukimletea jambo jipya atalipima hata kama hatabadilika. Huyo wako halisikilizi kabisa.

Shangazi wa Kisauni
Kwetu maneno mazuri ndiyo ya kuogopa. Binti yetu alipoposwa, tulituma watu wakaulize mtaani kwa kijana. Kila mlango jibu moja: "Ni mpole sana, hana neno na mtu." Nikawaambia warudi, wasiulize yukoje. Waulize akidaiwa hulipa lini, na akikasirika hufanyaje. Mwenye duka akasema, "Hulipa, ila mpaka mamake aje." Basi upole wenyewe ndio huo. Wengine nyumbani walisema ni utiifu kwa mzazi, na mpaka leo twabishana.

Kibatari
Shangazi, mkamwoza?

Shangazi wa Kisauni
Wameoana, wana watoto wawili. Deni la duka sasa hulipa binti yetu.

Mama Pacha
Kibatari, nimechunguza ulivyosema. Soda ameacha, na jioni anashuka vituo viwili kabla anatembea. Kwa hiyo siyo jikoni tu, nakubali. Lakini vijiko vitatu havikaangi samaki wa watu sita, mumuite jina lolote mnalotaka.