Mkato wa msingi: SRSS ikubalike au ikataliwe?

Mkaguzi wa michoro, Dar es Salaam: Nimeletewa hesabu za fremu ya slabu tatu, kila slabu uzito wa kN 2,000. Mbunifu ametumia spektra ya mwitikio, akaunganisha modi, yaani mitindo ya jengo kutikisika, kwa SRSS, ile ya kipeo cha pili cha jumla ya miraba, na kupata mkato wa msingi, yaani nguvu ya mlalo chini ya jengo, wa kN 921. Mwenzangu ofisini amejumlisha nguvu za slabu kutoka matokeo yale yale akapata kN 1,030, sasa anataka kazi irudishwe. Nani yuko sahihi? Na je, sisi wakaguzi tuikatae SRSS kabisa?

Mhandisi wa miundo, Arusha: Mbunifu yuko sahihi. Nimerudia hesabu nikichukulia ghorofa zote zina ugumu sawa na modi ya kwanza ni sekunde 0.60. Mkato wa msingi kwa kila modi ni kN 914, 112 na 16. Hizo tatu ndizo za kuunganishwa:

```
V = sqrt(914^2 + 112^2 + 16^2) = 921
```

Mwenzako ameunganisha mapema mno. Kwenye slabu ya juu, modi ya kwanza inasukuma kN 407 na ya pili inavuta kN 140 kurudi nyuma. Ukishapiga mraba, ile alama ya kutoa inapotea, unabaki na 431. Slabu ya kati inatoa 342, ya chini 257, jumla 1,030. Hakuna sekunde ambayo slabu zote tatu zinasukuma hivyo kwa pamoja. Kila unachokitafuta, uwe mkato, momenti au mwendo wa slabu, kitafute ndani ya kila modi kwanza, ndipo uunganishe.

Mhitimu wa uhandisi: Lakini SRSS ni ya mwaka 1951 huko! Tangu 1981 tuna CQC, inayohesabu pia uhusiano kati ya modi, na siku zote inatoa jibu kubwa zaidi, kwa hiyo ni salama. Wakaguzi wadai CQC tu.

Fundi mkuu, Bukoba: Ndugu zangu, tetemeko la Septemba 2016 hapa Kagera lilibomoa nyumba za matofali zisizo na nguzo wala mkanda. Hizo modi zingesaidia nini? Mimi nataka kujua nifunge ringi za nguzo kila sentimita ngapi.

Mhandisi wa miundo, Arusha: Fundi, nyumba hizo zinataka mikanda ya zege na kuta zilizoshikana kwenye kona, spektra si dawa yake, hapo nakubaliana nawe. Suala la ringi lifungulie mada yake, tukujibu vizuri.

Mdogo wangu mhitimu, umepatia nusu. SRSS inachukulia kwamba vilele vya modi havihusiani. Kwenye fremu hii modi ya pili ni sekunde 0.21, mbali na 0.60, na uhusiano wa modi hizo mbili haufiki hata 0.01. CQC italeta 922, tofauti ya kN 1 tu. Hatari iko kwenye jengo lenye ukuta wa lifti pembeni, linalojipinda. Tuseme modi mbili zina vipindi vya sekunde 0.60 na 0.57, kila moja ikileta kN 400 upande uleule. SRSS inatoa 566. Kwa ufifishaji wa asilimia 5 uhusiano wake ni kama 0.79, na CQC inatoa 757. Huyo ndiye wa kurudishiwa michoro.

Ila "siku zote kubwa" si kweli. Ni kweli kwa mkato wa msingi katika mwelekeo wa tetemeko, kwa sababu michango ya modi zote pale ina alama moja. Kwenye baadhi ya fremu za pembeni alama zinapingana, na hapo SRSS inaweza kuzidisha nguvu kupita kiasi.

Mhitimu wa uhandisi: Basi ule mpaka kwamba vipindi vikipishana zaidi ya asilimia 10 SRSS inaruhusiwa, unatosha?

Mhandisi wa miundo, Arusha: Mimi siuamini. Kwenye mpaka wenyewe, kwa ufifishaji wa asilimia 5, uhusiano bado ni kama 0.47.

Mbunifu, Nairobi: Mnabishania kuunganisha huku kitakachoamua ni kipimo cha mwisho. Kwa spektra hii, nguvu tuli, yaani 0.167g kwa uzito wote, ni kN 1,000. Ukifuata kanuni ya Marekani, ASCE 7-10, ulitakiwa kufikia asilimia 85 ya nguvu tuli, na 921 inapita. Kwa ASCE 7-16 ni asilimia 100, kwa hiyo unazidisha kila kitu kwa 1.086. Ukishafanya hivyo, tofauti ya SRSS na CQC kwenye mkato wa msingi imebaki na maana gani?

Mhandisi wa miundo, Arusha: Imebaki kwenye mgawanyo, dada. Kuzidisha kunakuza fremu zote kwa kiwango kimoja. Fremu iliyopunjwa na SRSS inabaki imepunjwa ikilinganishwa na jirani yake.

Mbunifu, Nairobi: Kwa jengo linalojipinda, sawa. Kwa fremu ya mkaguzi huyu sioni sababu ya kumsumbua mtu.

Mkaguzi wa michoro, Dar es Salaam: Naipitisha 921, ila namwomba mbunifu aniletee jedwali la vipindi. Mwenzangu bado anasema 1,030 haimdhuru mtu, nondo zikizidi zizidi.