Nimemaliza kuchambua mahojiano 14 kwa tematiki, leo naambiwa nihamie uchambuzi wa diskosi. Hii ni haki kweli?

Mchovu wa Data: Wakuu nina hasira hapa nilipo. Nimehoji watangazaji 14 wa redio jamii, propozo ilipita na uchambuzi wa tematiki, nimenukuu sauti zote kwa maandishi, nimekodi, yaani kila kipande nimekipa lebo ya maana yake, dhamira 4 zimekaa vizuri kabisa, halafu supavaiza wa pili ambaye nahisi hata propozo hakuigusa ananiandikia sentensi moja tu, "hii data ni ya diskosi, badilisha". Badilisha! Kama vile ni shati. Swali langu linauliza watangazaji wanakumbana na nini wanapofanya kazi bila mshahara, sasa nikifanya diskosi, nichambue namna wanavyoongea badala ya wanachopitia, nitakuwa najibu swali gani? Na kibaya zaidi wakati wa kunukuu nilisafisha kila kitu, nikatoa "aaa", vicheko, ukimya, hata maswali yangu nikayafupisha, maana kwa tematiki niliona hayo hayana kazi. Sauti ninazo ila ni masaa 11, nirudie yote kwa ajili ya sentensi moja ya mtu?

Wimbi Fupi: Huyo hajui. Diskosi ni ya vipindi vyenyewe vinavyoenda hewani, mahojiano ni tematiki siku zote. Mjibu hivyo hivyo.

Babu Nukuu: Wimbi hapana, mahojiano yanachambuliwa kidiskosi miaka na miaka, Potter na Wetherell walifanya hivyo kwenye kitabu chao cha 1987. Kinachoamua ni swali. Mchovu, hapo kwenye swali uko sawa, ila hebu weka kipande kimoja tukione.

Mchovu wa Data: Haya. Mtangazaji wa 6, mwanzoni anasema: "Sisi hapa tunajitolea, redio ni ya wananchi, tukizima leo nani atawasemea?" Baadaye nikamuuliza malipo, akasema: "Unaambiwa hapa ni kujitolea, mimi ni nani niulize." Zote ziko kwenye dhamira ya Moyo wa Kujitolea.

Kalamu Kavu: Mimi nilikuwa na hojaji 120 nikaingiza SPSS wiki moja nikamaliza, kwa nini usitumie hiyo? Wahoji tena wakupe majibu ya ndiyo na hapana.

Mchovu wa Data: Kalamu tafadhali, sio leo.

Babu Nukuu: Sasa nikuudhi kidogo. Hivyo vipande viwili havikai chumba kimoja hata kwa tematiki. Cha kwanza "sisi tunajitolea", anajivunia. Cha pili "unaambiwa", na nani? Aliyesema hatajwi, na "sisi" imeshageuka "mimi". Neno ni lile lile ila la kwanza linampa heshima na la pili linamziba mdomo asidai hela. Wewe umekodi neno, hukukodi anachomaanisha. Na nabahatisha, umeandika dhamira "ziliibuka"?

Mchovu wa Data: ...ndiyo nimeandika.

Babu Nukuu: Braun na Clarke walishalikataa hilo mwaka 2006, dhamira haziibuki, unazitengeneza wewe na uonyeshe ulivyozitengeneza. Labda hilo ndilo lililomkera supavaiza akashindwa kulisema. Jambo lingine, hawa watu kuongea ndiyo kazi yao. "Nani atawasemea" inaweza kuwa sentensi ya studio, hata kwako anaitangaza. Angalia kama wenzake wa kituo hicho hicho wanaisema karibu neno kwa neno, halafu sikiliza kama sauti inabadilika kuwa ile ya hewani. Ukikuta hivyo, hayo ni maneno waliyorithi kituoni, usiyaandike kama uzoefu wake binafsi. Ukibaki na swali lako baki na tematiki, gawanya ile dhamira. Ukitaka diskosi, swali ligeuke liwe wanaelezaje kufanya kazi bila kulipwa, na hapo huhitaji masaa 11, chukua sehemu za malipo tu kwa wote 14, unukuu upya na ukimya wake, vicheko, na swali lako kama ulivyolitamka.

Dada Faharasa: Babu hapo sikubaliani, asiguse swali. Kibali cha maadili kilitolewa kwa swali lile na watangazaji waliridhia kuhojiwa kuhusu kazi zao, hawakuambiwa watapimwa namna wanavyoongea. Mimi yangu ilirudishwa kamati nikapoteza miezi 3.

Babu Nukuu: Hoja nzito hiyo, inategemea fomu ya ridhaa iliandikwaje. Mchovu aisome kwanza.

Mchovu wa Data: Fomu inasema "uzoefu wako kazini" basi, sijui kama inatosha. Ila nimerudi kusikiliza yule wa 6. Swali langu halikuwa "malipo?" kama nilivyonukuu, nilimuuliza "kwa hiyo wewe unafanya bure tu?" Ananyamaza, anacheka, halafu ndiyo anasema unaambiwa hapa ni kujitolea. Mimi mwenyewe ndiye niliyemletea habari ya bure, na kwenye nukuu haipo. Supavaiza bado nina hasira naye, angeandika hata mistari miwili. Leo naanza na dakika za malipo za yule wa 1.